Usitie Esansi Ndani ya Jiko

Kila kanuni ya nyumba ile iko na mutu nyuma yake, hata kama jina lake sikuliandika. "Musisafishe muchanga ndani ya bafu": huyo ni mununuzi mumoja wa dhahabu kutoka Salamabila, aliyenizibia bomba na udongo wa machimbo, kisha akaja kuniuliza kwa nini maji hayashuki. "Muziki unazimwa wakati wa adhana": huyo ni Yves, aliyekuja na spika kubwa kuliko kitanda. "Taulo si ya kufutia viatu": huyo simutaji, maana mama yake ananisalimia kila siku sokoni. Mimi Hidaya ni mutu wa hasira, sikatai. Mugeni akiniharibia kitu, siwezi kutulia mupaka nimeongeza kanuni.

Nyumba ni ya kaka yangu Ramazani, anayeishi Lubumbashi. Alijenga ghorofa moja karibu na soko la Kasongo. Chini alimupangisha Honorine, mwanamuke wa Bukavu, aliyefungua duka la dawa. Juu akaweka vitanda, viti vya sofa, friji na mapazia, akaipa jina la kifaransa, meublé, na watu wakaanza kuja. Wanakuja watu wa mashirika, wanakuja wafanyabiashara, na wakati wa likizo wanakuja watoto wetu wa miji mikubwa, wale wanaotaka kuona shangazi zao lakini hawataki kulala juu ya mukeka. Funguo ninazo mimi. Mashuka nafua mimi. Na kabla mugeni hajafika, mimi ndiye ninayemutumia neno la kumukaribisha pamoja na kanuni, ndani ya simu. Karatasi yenye maneno hayo hayo nimeibandika nyuma ya mulango wa jikoni.

Sasa mujue habari ya jiko. Gazi haifiki Kasongo, na makaa yanachafua dari. Basi Ramazani alileta jiko moja ya shaba, ya kupampu kwa mukono, inayotumia petroli. Umeme nao unatoka ku groupe, ile mashine ya nyuma ya nyumba, na groupe inakunywa esansi. Kwa sisi watu wa huku hakuna shida ndani ya mambo hayo. Petroli ni ile ya taa, haina haraka. Esansi ndiyo inayotembeza moto na magari, na ikiona cheche haingoji mutu. Bidoni zote mbili, dumu ya petroli na dumu ya esansi, ziko ndani ya depo, stoo ndogo, zote za manjano, na kila mutu aliyezaliwa hapa anazitenganisha kwa pua.

Lakini mwaka uliopita Gérard, fundi wa antena kutoka Kindu, alitia esansi ndani ya jiko kwa uvivu wa kunusa. Pazia iliungua, na nyusi zake pia. Nilimufokea mupaka Honorine akapanda ngazi kuona nani anapigwa. Siku ile ile nikaandika kanuni nyingine kwa herufi kubwa, na kwa kweli ilikuwa kanuni niliyojivunia kuliko zote.

Ayubu aliniandikia kutoka Ujiji, ng'ambo ya ziwa, Tanzania. Alikuwa amepata namba yangu kwa mutu wa Kalemie. Alisema babu wa babu yake alitoka Kasongo, kwao nyumbani bado wanajiita Wamanyema, na tangu utotoni alikuwa anasikia jina la muji huu bila kuuona. Sasa ameoa, na badala ya kumupeleka muke wake mahali pengine popote kwa likizo, anataka kumuleta hapa. Nilisoma maneno yale nikaketi. Hakuna mugeni aliyewahi kuniambia kwamba alikuwa anaiota Kasongo. Wengi wanauliza tu kama kuna maji ya moto.

Maneno yangu ya kukaribisha yalikuwa kwa kifaransa, kwa sababu ya watu wa mashirika. Ramazani akaniambia niyatume hivyo hivyo, yule mutu atatafuta wa kumufasiria. Nikakataa. Mutu wa Ujiji, mutu wa damu yetu, nimutumie kifaransa kwa nini? Kiswahili ni kimoja. Nikamwita binti yangu Aïcha, aliyekuwa nyumbani kabla ya kurudi masomoni Kindu, yeye akaandika kwenye simu, mimi nikasema. Niliyasema kwa raha, na bado nayakumbuka:

"Karibuni Kasongo, ndugu zetu, karibuni kwenu. Mukae kama nyumbani. Viatu vinabaki mulangoni. Maji ya kunywa ni ya chujio, maji ya pipa ni ya kuoga. Wageni wenu wanakaribishwa muchana, usiku wanarudi kwao. Pombe haiingii. Takataka munampa sentineli Wenceslas, musiitupe dirishani. Umeme ni wa groupe: Wenceslas anaiwasha jioni na kuizima watu wakienda kulala. Kama hayuko, ninyi wenyewe munatia esansi, munavuta kamba. JIKO INATUMIA PETROLI PEKE YAKE. USITIE ESANSI NDANI YA JIKO HATA KIDOGO, INALIPUKA. Bidoni zote mbili ziko depo. Mukiwa na shida yoyote, munanipigia mimi Hidaya."

Ayubu akajibu kwamba maneno yale yamemutoa machozi, kwamba ni kama kumusikia bibi yake akizungumza. Nikamusomea Ramazani jibu hilo kwa simu ili ajue nani mwenye akili ndani ya familia.

Wakafika kwa njia ya Kabambare, wote wawili wekundu kwa vumbi. Ayubu ni kijana murefu anayecheka kabla ya kusema. Mwamvita, muke wake, alikuwa amechoka lakini alinipigia magoti kidogo akisema shikamoo, nikamupenda hapo hapo. Niliwaonyesha vitanda, chandarua, choo, pipa ya maji. Jikoni nilinyoosha kidole tu kwenye karatasi mupya ya kiswahili nyuma ya mulango, nikasema yote imeandikwa. Hawakuwa na sababu ya kupika siku zile za kwanza, maana chakula kilitoka kwangu: wali, samaki, sombe ya majani ya muhogo. Ayubu alikuwa anatembea na mimi kutafuta watu wenye majina ya babu zake, na tukawapata, tukaambiwa tukae, tukapewa chai. Jioni alikuwa anasimama mbele ya karatasi ya kanuni na kuisoma kwa sauti, akimuambia Mwamvita asikie jinsi wazee walivyokuwa wanasema.

Kisha ikanibidi kwenda Nyangwe kuchukua samaki wa kukauka kwa meza yangu ya sokoni. Nikapanda moto ya Zacharie, kijana anayenisafirisha siku zote. Wenceslas, mulinzi wetu, naye aliniomba ruhusa: mutoto wake alikuwa na homa kule Lusangi. Nikamuruhusu. Nikawaambia wageni kwamba nitarudi kabla giza haijaingia, na kama nitachelewa, kila kitu wanacho. Mwamvita akasema vizuri, leo yeye ndiye atapika, anataka kunipokea na chakula cha Ujiji. Nikafurahi sana. Niliondoka nikifikiria nitakula nini.

Huko Nyangwe mambo yakavuta. Muvuvi hakuwapo, kisha akaja, kisha bei, kisha gunia la samaki likakataa kukaa sawa juu ya moto. Tulirudi jua limeanza kushuka. Njia ile yote haina rezo, isipokuwa kwenye kilima kimoja katikati, ambapo watu wote wanasimama kunyoosha simu juu. Zacharie alisimama bila kuambiwa. Simu yangu ikaanza kulia ndani ya mufuko.

Zilikuwa sauti tatu alizorekodi Ayubu. Ya kwanza alinisalimia, akasema Mwamvita ameshamenya ndizi na samaki wako tayari, wananingoja. Ya pili alikuwa anacheka kidogo kwa aibu. Alisema friji ilikuwa imezimika, naye hakutaka samaki waharibike, basi alijaribu jenereta kama tulivyoandika. "Nimelitia esansi, dada, nikavuta kamba, likawaka kidogo, likatoa moshi mweupe mwingi, likakohoa, likazima. Sasa halitaki kabisa. Nisije nikawa nimeliharibu."

Hasira ilinipanda mupaka kichwani. Lakini si kwa Ayubu. Nilimufikiria Djamali, anayeniuzia esansi ndani ya chupa kando ya barabara, nikajua ameichanganya. Nikamuambia Zacharie kwamba nikifika Kasongo, kabla ya kuvua kilemba, nitakwenda kumumwagia Djamali esansi yake mbele ya wateja wake wote. Zacharie akacheka, akasema twende basi. Nikamuambia angoje, iko sauti moja bado.

"Halafu dada, hiyo esansi yenu inanuka kama mafuta ya taa. Sikujua kama jenereta za huku zinatumia mafuta ya taa. Lakini usijali jiko, jiko tumefuata kanuni, tumetia petroli peke yake. Mwamvita anaogopa kuwasha, anasema harufu yake ni kama yuko sheli. Nimemwambia wenyewe ndivyo walivyoandika. Basi tunangoja utuhakikishie, maana hataki kunisikia."

Niliisikiliza nikiwa bado na hasira ya Djamali, na haikuingia. Nikairudia. Mafuta ya taa. Yeye anasema esansi yetu inanuka mafuta ya taa. Mafuta ya taa ni petroli. Sasa kama aliyotia ndani ya groupe ni petroli, ile aliyotia ndani ya jiko ni nini?

Nikakumbuka dereva mumoja wa lori la Kigoma, zamani, aliyeomba petroli sokoni, akapewa ya taa, na watu wakamucheka siku nzima. Kwao petroli ni ya gari. Kwao neno esansi halina maana yoyote, ni sauti tu. Basi Ayubu alisimama mbele ya bidoni mbili, akanusa, moja akaijua ni petroli yake ya Ujiji, akasoma kwamba petroli ndiyo ya jiko, na kwamba ile nyingine, hiyo esansi asiyoijua, ikitiwa jikoni inalipuka. Alifuata. Kwa herufi kubwa nilimwambia atie kifo ndani ya jiko na asithubutu kutia kitu kingine.

Nikapiga. Haikupita. Nikapiga tena, sauti ya kifaransa ikaniambia mutu huyo hapatikani. Nikamupigia Honorine, ambaye angepanda ngazi tu na kumaliza mambo. Simu yake ikalia mupaka ikachoka. Zacharie akaona uso wangu, akashuka. Nikapanda juu ya jiwe nikanyoosha mukono, nikapiga tena, na Ayubu akapokea.

"Ayubu! Mumeweka esansi ndani ya jiko!"

"Hapana dada," akanijibu, sauti yake tulivu kabisa. "Esansi hatujaitia hata tone. Tumesoma. Tumetia petroli tu."

Nikasema hiyo petroli yenu ndiyo esansi yetu, nikaisema mara nyingi, lakini rezo ilikuwa inakuja na kwenda, na nilimusikia akisema dada unakatika, dada rudia. Mwamvita alikuwa nyuma yake anauliza kitu. Akili yangu ilikuwa inatafuta neno lingine, neno lolote ambalo si esansi wala petroli, la kumwambia ni ile mbaya, ile inayotembeza zile za magurudumu mawili, na neno lililokuja ndilo ninalolisema kila siku.

"Ile ya moto! Ayubu, munasikia? Mumeweka ile ya moto!"

"Ya moto," akasema. "Ndiyo, dada, ndiyo hiyo hiyo tuliyotia, ya moto. Asante, umetutoa wasiwasi." Nikamusikia akigeuka na kumuambia muke wake: umesikia mwenyewe? Kisha ikakatika.

Nilibaki na simu sikioni. Zacharie alikuwa ananitazama, mukono wake juu ya tanki.

"Mama Hidaya," akasema, "yeye amesikia moto ya kupikia."

Nilijua. Nilijua kabla hajamaliza. Niliita kila kitu kilichokuwa mbele yangu, Mungu, baba yangu, na tusi moja nisilolitamka tena. Ningesema tu musiwashe. Neno moja, musiwashe, hata mutoto wa Ujiji analijua. Lakini ulimi ulikuwa umeshikwa na majina ya mafuta, kana kwamba kazi yangu ilikuwa kumufundisha na si kumuzuia. Nikapiga. Haikupita. Nikaandika: MUSIWASHE JIKO. TOKENI NJE. Ile alama moja ikatokea pembeni ya maneno, ya pili haikuja. Nilikaza macho kwenye ile alama mupaka yakaniuma.

Zacharie akauliza tuende ama tubaki. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Hapa kuna rezo, mbaya lakini iko. Tukiondoka hapa, hakuna kitu mupaka kuingia muji. Tukibaki, pengine naita na kuita bure huku wao wanapika. Nikasema tubaki kidogo. Nikamupigia Ramazani Lubumbashi ili yeye awapigie; hakupokea, ilikuwa saa ya swala. Nikamupigia Aïcha Kindu, imezimwa. Nikamupigia Honorine tena, ikalia, ikalia. Ile alama ilikuwa bado moja. Nikasema twende.

Tulitupa gunia la samaki pale kilimani, sijui nani aliwala. Zacharie aliendesha jinsi ambavyo siku nyingine ningemupiga. Nilikuwa nimefunga macho, nikiyafungua naona nyasi na muchanga mwekundu na mutumbwi wa mutu fulani mutoni, nayafunga tena. Nilikuwa naomba vitu vya kijinga. Niliomba kiberiti kiwe na unyevu. Niliomba Mwamvita awe mubishi, awe muke mukaidi asiyesikia bwana wake, awe kama mimi. Nilimukumbuka Gérard, ambaye alitia kidogo tu na akawasha akiwa amesimama mbali. Ayubu angejaza jiko vizuri, mupaka juu, kwa sababu ni kijana wa adabu na alikuwa anatarajia mugeni. Angepampu sawasawa, bila kuruka hatua. Kila jambo jema nililomujua nalo lilikuwa linanitisha.

Kwenye daraja moja ubao ulikuwa umetoka, tukashuka kusukuma moto. Nikamuambia Zacharie aniache, nitakimbia. Akanijibu kwa upole kwamba nisiseme upuuzi, nipande. Nikapanda.

Tulipoingia muji simu ikatetemeka mufukoni. Nikaitoa. Alama zilikuwa mbili sasa. Maneno yangu yalikuwa yamefika, lakini sikujua yalimukuta nani, wala saa gani.

Kwenye kona ya soko niliona watu wamesimama wakitazama juu, na nikaruka kabla moto haijasimama. Dirisha la jikoni lilikuwa limekuwa jeusi pembeni, vioo vimeanguka barabarani. Moshi ulikuwa mwembamba, wa kitu kilichokwisha. Watu walikuwa wanashuka na ndoo za muchanga zikiwa tupu. Honorine alikuwa ameketi kwenye ngazi, nywele zake zimejaa majivu, na blanketi yangu ya wageni mapajani, imetoboka katikati. Alisema alisikia mulio, akapanda, akakuta kijana anaungua mikono na kifua, akamutupia blanketi na kumulalia juu. Alisema simu yake ilikuwa ndani ya droo, hakuisikia. Kisha akaniambia wamemupeleka hospitali, anapumua, niende.

Sikuuliza habari ya nyumba. Nilikwenda kwa miguu, Zacharie nyuma yangu akisukuma moto yake bila kuiwasha.

Ayubu alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha mwisho, amefungwa vitambaa kuanzia vidole mupaka mabega, na uso umepakwa dawa nyeupe. Muganga aliniambia macho yamepona, mapafu yanaonekana mazuri, ataishi Mungu akipenda, lakini mikono itachukua muda murefu na haijulikani vidole vitafunguka namna gani. Ni fundi cherehani, yule kijana. Hilo sikulijua mupaka saa ile. Muganga ndiye aliyeniambia, maana Mwamvita alikuwa amemuuliza habari ya vidole kabla ya kuuliza kitu kingine chochote.

Mwamvita alikuwa ameketi kwenye kiti, kanga yake inanuka moshi. Yeye hakuguswa. Alikuwa amesimama mulangoni wakati ule, akiwa amekataa kukaribia. Nilitaka kupiga magoti mbele yake, na nilipiga, na yeye akaninyanyua kwa kunishika kiwiko, kama mutoto aliyefundishwa vizuri anavyomunyanyua mukubwa wake. Hiyo iliniumiza kuliko kama angenipiga kofi.

Sikujitetea. Nilimueleza tu: kwetu petroli ni mafuta ya taa, esansi ndiyo petroli yenu. Nilimueleza kilima, rezo, na jinsi nilivyokuwa ninaita. Alisikiliza hadi mwisho, macho yake yako kwa bwana wake.

"Mimi nilikataa, dada," akasema polepole. "Nilimwambia harufu hii mimi naijua. Tulikaa muda mrefu tunabishana, naye akaanza kukubali, akasema basi tukusubiri. Kiberiti kilikuwa mkononi mwangu. Ulipopiga ukasema ni hiyo hiyo ya moto, ndipo nilipompa."

Mutu wa kitanda kingine alikuwa anakohoa, muuguzi akapita na taa yake. Niliona kwamba Mwamvita hakuwa amemaliza, alikuwa anatafuta jinsi ya kuuliza bila kunivunjia heshima.

"Ulikuwa unataka kusema nini? Hiyo ya moto, ni ya nini?"

Nikamuonyesha Zacharie, aliyesimama nje ya dirisha ameshika usukani. Nikasema sisi tunaita moto. Nikasema wengine hapa, wazee hasa, wanaita pikipiki.

Mwamvita alimutazama Zacharie, akatazama ile mashine, akanirudishia macho.

"Pikipiki," akasema. "Hilo neno hata sisi tunalo."